Mayai Thelathini na Mkono Unaochora

Tulikuwa wanne, tumepangiwa kazi ya kichungaji ya likizo katika kigango kimoja cha mkoa wa Morogoro, na kazi hii hatukuitafuta. Akina mama kumi na wawili wa jumuiya ndogo ndogo walikuwa wamekopa SACCOS wakanunua mashine ya kutotolesha vifaranga, yenye nafasi ya mayai 176. Biashara yenyewe ni rahisi kuieleza: mtu analeta mayai ya kuku wake wa kienyeji, akina mama wanayatotolesha, baada ya siku 21 anachukua vifaranga na kulipa shilingi 700 kwa kila kifaranga kilichotoka. Yai lisilotoa kifaranga halilipiwi. Lakini mashine ilikuwa inafanya kazi nusu tupu, na marejesho ya mkopo hayasubiri. Watu waliogopa. Yai moja la kienyeji pale linauzwa shilingi 500, kwa hiyo mwenye mayai 30 anapoyakabidhi anatoa mkononi 15,000, na kuyatia kwenye sanduku ambalo hajui linafanya nini.

Mama mwenyekiti alituuliza, "Mafrateri, ninyi mna kompyuta. Hamwezi kututengenezea ile video ya mkono unaochora?" Aliiona kwenye simu ya mwanawe: ubao mweupe, mkono wenye kalamu unachora haraka haraka, huku sauti inaeleza. Tukasema tunaweza. Tulidhani ni kazi ya siku mbili.

Aina hii ya video ilijulikana sana kuanzia mwaka 2010, shirika la RSA la London lilipoanza kutoa hotuba zilizochorwa na Andrew Park. Siku hizi zipo programu zinazochora zenyewe, kama VideoScribe, ambazo unazipa picha nazo zinaweka mkono wa bandia juu yake. Hatukuzitumia, kwanza kwa sababu ni za kulipia, na pili kwa sababu kuku tuliyemkuta humo alikuwa wa banda la Ulaya, mnene na mweupe kama pamba. Tuliamua kuchora wenyewe kwenye ubao halisi, kupiga picha kwa simu, kisha kuongeza kasi ya kila kipande ili kilingane na maneno. Programu mbili tulizotumia ni za bure: Audacity kwa sauti, Kdenlive kwa picha.

Maneno yalitangulia. Rasimu ya kwanza ilikuwa kama mahubiri ya Dominika, maneno zaidi ya 600, na mama mwenyekiti alipoisikia alisema ni nzuri ila kuku wangekuwa wameshazeeka kabla hatujamaliza. Tukaipunguza hadi maneno 214. Mmoja wetu mwenye sauti tulivu aliisoma ndani ya chumba cha kuvalia sakristini, katikati ya kanzu zilizotundikwa, maana nguo nzito humeza mwangwi. Jogoo wa paroko aliingilia mara tatu. Usomaji uliokubaliwa ulichukua dakika moja na sekunde 58, yaani kama maneno 109 kwa dakika. Hiyo ndiyo ikawa rula yetu. Picha zote zilipaswa kuingia ndani ya sekunde hizo 118, na sauti haikupaswa kuvutwa ili kuisubiri picha.

Kisha tukaweka alama. Katika Audacity, sauti ikiwa inacheza, ukibonyeza `Ctrl+M` inabaki alama pale ulipofika, nawe unaiandikia jina. Tulisikiliza tukiwa na kidole juu ya kitufe, na kila lilipofika neno linalotaja kitu cha kuchorwa tulibonyeza. Alama hizo unaweza kuzitoa zikawa faili la maandishi. Hiki ndicho kipande kilichotusumbua kuliko vyote, chenye sentensi hii: "Mayai yako yanaingia kwenye mashine, yanakaa humo siku ishirini na moja."

```
24.180000	24.180000	mayai
26.050000	26.050000	mashine
28.900000	28.900000	siku
29.700000	29.700000	ishirini na moja
32.400000	32.400000	mwisho
```

Namba za kwanza na za pili ni sekunde tangu mwanzo. Zinafanana kwa kuwa alama ni nukta, haina urefu.

Kupiga picha kulitufundisha mambo madogo ambayo yakipuuzwa yanaharibu siku nzima. Ubao tuliulaza mezani, simu tukaifunga juu yake kwa ubao wa kitanda uliolazwa kati ya viti viwili vilivyopandishwa juu ya meza nyingine. Mchoraji wetu anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo mwanga wa dirisha ulitoka kushoto kwake, la sivyo kivuli cha mkono kingefunika anachochora. Taa ya dari tuliizima, kwani iling'aa kwenye ubao kama mwezi. Na simu, ukiiacha ijiamulie, kila mkono mweusi unapoingia juu ya ubao mweupe inabadilisha mwangaza, picha inapepesa. Dawa yake ni kubonyeza kioo na kushikilia hadi simu ikuambie imefunga mwanga na umakini.

Sasa tuje kwenye ile mashine. Mchoraji alichora kama alivyofundishwa shuleni: sanduku kwanza, kisha mlango wa kioo, miguu, kipimajoto, waya wa umeme, na mwisho kabisa safu za mayai ndani. Ilimchukua sekunde 66. Sentensi ilitupa nafasi kutoka "mayai" hadi "siku", sekunde 24.18 hadi 28.9, yaani sekunde 4.72. Hesabu yake haihitaji falsafa: gawanya muda wa kuchora kwa muda wa maneno, 66 kwa 4.72, unapata kasi ya mara 14. Tukaiweka. Picha ilianza pale pale na kuisha pale pale. Hata hivyo kila tuliyemwonyesha alisema kuna kitu hakikai sawa, picha "inachelewa". Katekista alituambia kwa upole kwamba alidhani tunachora tabernakulo.

Maneno yake ndiyo yaliyotufungua macho. Tulikuwa tumepima mchoro ulipoisha, wakati mtazamaji anajali ni lini ametambua ni kitu gani. Sanduku lenye miguu linaweza kuwa friji, televisheni ya zamani, au tabernakulo. Linakuwa mashine ya kutotolesha pale tu mayai yanapoonekana ndani. Katika mchoro wetu mayai yalitokea sekunde ya 58, ambayo kwa kasi ya mara 14 iliangukia 28.33 kwenye sauti. Neno "mashine" lilitamkwa 26.05. Mtazamaji alibaki zaidi ya sekunde mbili akisikia kitu na kuona kingine, na katika video ya dakika mbili, sekunde mbili ni shimo.

Kuanzia hapo tulikuwa na swali moja kwa kila mchoro: ni mstari upi unaokifanya kitu kitambulike? Kwa jogoo ni kilemba. Kwa tochi ni miale ya mwanga, maana bila miale ni chupa. Kwa noti ya fedha ni namba ya kwenye kona. Mstari huo ndio unaopaswa kuangukia juu ya neno lake. Yanayoutangulia na yanayoufuata yanaweza kubanwa au kulegezwa.

Tulifuta mashine tukaichora upya kwa mpangilio wa sentensi. Mayai kwanza, kwa sekunde 10. Kisha sanduku likayazunguka na kufungwa, hadi sekunde ya 24. Kipimajoto, waya na miguu vikaja mwisho, na mchoro mzima ukachukua sekunde 40. Katika Kdenlive tulikata kipande hicho sehemu mbili pale sanduku linapofungwa. Tulitazama pia sauti tukaona sentensi ya kabla yake inaisha 22.9, na baada yake kuna pumzi. Tukaanza kuchora ndani ya pumzi hiyo, kwenye 23.2. Hivyo sehemu ya kwanza ikapata sekunde 2.85 hadi neno "mashine": 24 gawanya kwa 2.85 ni mara 8.42, na kwenye `Change Speed` tukaandika 842. Sehemu ya pili, sekunde 16 zilizobaki, nayo ikapata sekunde 2.85 hadi neno "siku", tukaandika 561. Mayai yalikamilika mara tu baada ya kutajwa, sanduku likafungwa juu ya jina lake. Katekista hakuona tena tabernakulo.

Hatutaki kumpotosha msomaji kwamba kasi yoyote inafaa. Kwa macho yetu, ikizidi mara 12 mkono unakuwa nzi, hauoni tena kuwa ni mtu anayechora. Ikishuka chini ya mara tatu watu wanaanza kupiga miayo. Na ukikata kipande mara mbili, kasi za pande mbili zisipishane mno. Kutoka 8 kwenda 5 hakuna anayegundua, ila tulijaribu 15 kwenda 4, mkono ukaonekana kama umelewa ghafla. Kasi ikikataa kushuka, tatizo haliko kwenye kompyuta, mchoro una mistari mingi kupita kiasi. Kuku wetu wa kwanza alikuwa na manyoya. Wa mwisho hakuwa nayo, na hakuna aliyeuliza.

Jambo jingine ni la lugha yetu. Mafunzo ya Kiingereza tuliyoyatazama yanamshauri mchoraji aanze na namba, kwa sababu kwao namba hutajwa kabla ya kitu. Sisi tunasema "siku ishirini na moja": kitu kwanza, hesabu baadaye. Kwa hiyo kwenye 28.9 tulichora miraba ya kalenda, na kwenye 29.7 tukaandika 21 juu yake. Tulipofuata ushauri wa wageni, ile 21 ilitokea peke yake ubaoni, na mama mmoja akauliza, "Ishirini na moja nini? Elfu?"

Tulimaliza Ijumaa. Jumapili baada ya Misa ya pili tukaiwasha projekta ya parokia ukumbini, wakaja watu kama sitini. Video ilikwenda sawa, kila neno na mchoro wake. Watu wakacheka kuku alipotokea, wakapiga makofi mwishoni. Mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama, akasema kwa furaha, "Nimeelewa. Napeleka mayai 30, napata vifaranga 30. Kesho naleta."

Tuliona uso wa mama mwenyekiti. Watu walipotoka alituita kando. "Frateri, mmenifungia mkataba nisioweza kuutimiza." Akafungua daftari la kikundi. Mizunguko minne waliyokwisha kutotolesha, kati ya kila mayai 30 hawakuwahi kuvuka vifaranga 22. Si kosa la mashine. Mayai mengine hayana mbegu kwa sababu jogoo ni mmoja kwa majike mengi au hayupo kabisa, mengine yamekaa jikoni zaidi ya wiki kabla ya kuletwa, na mengine kifaranga hufia ndani.

Tulijitetea kwamba maneno yalikuwemo. Yalikuwemo kweli: "Siku ya saba tunayapima kwa tochi, na yasiyo na mbegu tunayatoa." Turudi tuitazame tena, tukasema. Tukaitazama, saa mkononi. Sentensi hiyo ilidumu sekunde tano, na wakati wote huo kwenye ubao ilikuwepo trei ya mayai 30, imetulia, hakuna mkono wala mstari mpya. Kisha vikaja vifaranga, vimechorwa kwa sekunde 11, kimoja kimoja, na muziki juu yake. Sauti ilisema kweli kwa sekunde tano na picha ikaahidi kwa sekunde 11. Ubao ukikaa kimya wakati sauti inasema jambo zito, mtazamaji anachukua kimya hicho kama ruhusa ya kutosikiliza. Mzee yule hakudanganyika kwa uzembe wake, sisi tulimpangia muda hivyo.

Mama hakutaka tuongeze onyo la maandishi mwishoni, tulivyopendekeza. "Waonyesheni mayai yakitoka," alisema.

Basi tukaandika upya. Trei ya mayai 30, safu tano za mayai sita. Kwenye neno "tochi" inachorwa tochi na miale yake. Halafu ndani ya yai moja mishipa midogo kama miguu ya buibui, kwa kuwa ndivyo yai lenye uhai linavyoonekana siku ya saba ukilimulika, na jirani yake limeachwa wazi kabisa. Kisha, kwenye "tunayatoa", mkono unarudi na kitambaa na kufuta mayai matano. Siku ya 21 unarudi tena kufuta mengine matano ambayo hayakutoboka. Yanabaki 20. Tungeweza kubakiza 21, lakini tuliogopa namba hiyo igongane na zile siku.

Kufuta ni faida ya ubao halisi ambayo hatukuiwazia mwanzoni. Tulikuharakisha mara tatu tu, na baada ya neno "tunayatoa" tukaacha sekunde tatu bila sauti yoyote, kitambaa kikipita juu ya mayai. Ila tulichora trei jioni ili tupige picha asubuhi, na wino uliolala usiku mzima haukufutika vizuri. Vilibaki vivuli vya mayai, kama mizimu. Ikabidi tusafishe ubao kwa spiriti, tuchore upya na kufuta ndani ya saa hiyo hiyo.

Sauti nayo ilipaswa kurekodiwa tena, sentensi mbili tu. Msomaji wetu sasa alikuwa na mafua. Tulingoja siku tatu, tukarudi sakristini saa ile ile ya alasiri, kanzu zikiwa pale pale, naye akasoma pia sentensi moja ya kabla na moja ya baada ili apate mwendo wa awali. Tulitumia zile mbili za kati. Ukisikiliza sana utagundua kiungo, ila lazima usikilize sana.

Nyongeza ilikuwa sekunde tisa, na hapo ndipo mmoja wetu alipoteza usiku. Kila kilichokuja baadaye kilipaswa kusogea sekunde tisa. Kdenlive ina `Spacer Tool`, unashika kipande kimoja na vyote vilivyo mbele yake vinasogea pamoja. Lakini njia ya sauti ilikuwa imefungwa kwa kufuli, tulivyoifunga tangu mwanzo ili tusiiguse kwa bahati mbaya, na kilichofungwa hakisogei. Picha zikaenda mbele, sauti ikabaki. Tulipoicheza, sauti ilitaja bei huku mkono ukichora mama anayepima mayai. Makosa ya aina hii unayajua kwa sababu yana kipimo kimoja: kila kitu kimechelewa kwa sekunde zile zile tisa. Kuchelewa kukiwa kwa kipande kimoja tu, basi ni kasi ya kipande hicho. Tulifungua kufuli, tukarudisha nyuma, tukasogeza vyote.

Video ya pili ina dakika mbili na sekunde saba. Tuliionyesha Jumapili iliyofuata, watu wachache zaidi, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kitambaa kilipopita juu ya mayai ya kwanza ukumbi ulinyamaza, mtoto mmoja akasikika akihesabu. Mama mwenyekiti alisimama nyuma, mikono kifuani, hakusema kitu.

Yule mzee hakuleta mayai 30. Alileta 12. Mama aliyaandika daftarini, akamwambia arudi siku ya saba apime mwenyewe. Alirudi, akayashika moja moja mbele ya tochi ndani ya chumba cha giza, akakuta matatu ni meupe. Tulikuwa tunafungasha mizigo kurudi seminarini alipopita. Tukamwamkia, akaitika, kisha akasimama kidogo mlangoni. Alitaka kujua kwa nini kwenye picha tulifuta matano, wakati yake ni matatu.